Wiki Ile Baada ya Homa Kushuka

"Sista, lakini homa ilikuwa imekwisha."

Mama yule aliniambia hivyo mara mbili, amesimama kando ya kitanda cha mumewe, mkononi kashika mfuko wa dawa za mafua kana kwamba ni ushahidi. Mumewe alikuwa na miaka 58. Kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa kimeshatoka, na hakikuacha shaka: mshipa mmoja unaolisha misuli ya moyo ulikuwa umeziba.

Nilikuwa najaza fomu ya kumpokea. Ana presha? Hajawahi kupima. Sukari? Hajui. Amewahi kulazwa kwa ajili ya moyo? Hapana. Anavuta sigara? Aliacha zamani. Ukoo wao una ugonjwa wa moyo? Baba yake alifariki ghafla, lakini hakuna aliyesema ni moyo. Fomu iliishia hapo. Hiyo habari ya homa mama aliitoa mwenyewe, bila kuulizwa, na haikuwa na kisanduku chake. Niliiandika pembeni.

Mgonjwa alihudumiwa, akapona, akaenda nyumbani.

Mimi ndiye niliyebaki na ile sentensi. Wiki zilipita, na kila nilipopokea mgonjwa mwingine wa moyo ilinirudia. Homa ilikuwa imekwisha. Kwa nini basi moyo ulipigwa wakati mwili unapata nafuu, na si siku ile joto lilipokuwa juu kabisa?

## Hesabu iliyonifanya nikae chini

Kwamba mafua makali na moyo vinahusiana si jambo jipya. Tangu 1932, Mmarekani Selwyn Collins alikwishaonyesha kwamba mlipuko wa homa ya mafua unapopita, vifo vya magonjwa ya moyo navyo hupanda, mbali na vile vya nimonia. Lakini takwimu za namna hiyo ni za umati. Hazikuambii kama aliyekufa kwa moyo ndiye aliyekuwa na mafua.

Kilichonishika ni utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2018 na Jeff Kwong na wenzake. Walichukua watu ambao maabara ilithibitisha kwamba wana kirusi cha influenza, si mafua ya kawaida ya pua kuchuruzika, kisha wakatafuta nani kati yao alilazwa kwa shambulio la moyo ndani ya mwaka mmoja kabla ya kipimo hicho au mwaka mmoja baada yake. Walipata mashambulio 364 kwa watu 332.

Hapa ndipo uzuri wa njia yao. Hawakumlinganisha mgonjwa na jirani yake mwenye afya. Walimlinganisha na yeye mwenyewe: sigara zake, uzito wake, urithi wake, vyote viko palepale katika wiki anayougua na katika wiki nyingine zote. Kinachobadilika ni mafua tu.

Mashambulio 20 yaliangukia ndani ya siku 7 za kwanza baada ya kipimo. Yaliyobaki, 344, yalitawanyika katika wiki zote nyingine za miaka hiyo miwili, yaani wastani wa 3.3 kwa wiki. Gawa 20 kwa 3.3.

Mara sita.

Baada ya siku ya saba, tofauti hiyo haikuonekana tena kwa moyo. Lakini kumbuka siku zilihesabiwa kuanzia kipimo, na mtu huenda kupima akiwa ameshaugua siku kadhaa. Ukihesabu tangu koo lilipoanza kuwasha, dirisha hilo linasogea mbele hadi siku za nafuu. Yule baba wa miaka 58 aliingia humo bila kusukumwa: homa ilianza Jumatatu, ikashuka Ijumaa, kifua kikambana Jumapili usiku.

## Mara sita ya nini?

Nakiri kwamba nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza niliogopa, na nadhani hofu hiyo ingekuwa mbaya kuisambaza ilivyo.

Maana mara sita ya kitu kidogo bado ni kidogo. Waholanzi walifanya utafiti wa aina hiyohiyo, nao wakapata karibu jibu lilelile. Katika vipimo zaidi ya 26,000 vilivyothibitisha influenza, mashambulio ya moyo ndani ya siku 7 yalikuwa 25. Hiyo ni takriban mtu mmoja katika kila elfu, na waliopimwa maabara kwa kawaida ni wale walioumwa vya kutosha hadi wakafika kwa daktari. Kijana mwenye afya aliyelala siku tatu na homa hana sababu ya kushika kifua chake kila saa.

Lakini "mtu mmoja katika elfu" ni wastani wa wote, na wastani huficha watu. Swali langu likawa: huyo mmoja ni nani?

Kabla ya kulijibu, nilikuwa na shaka nyingine mbili, na sitaki kuziruka.

Ya kwanza: huenda si mafua bali ni msimu wa baridi, ambao nao hubana mishipa na kupandisha presha. Watafiti wa Ontario waliuzingatia mwezi wa mwaka katika hesabu zao, na mlima ule ulibaki. Ya pili: huenda si influenza peke yake. Hapo shaka ilikuwa na ukweli ndani yake. Virusi vingine vya njia ya hewa navyo vilipandisha hatari, ila kwa kiasi kidogo kuliko influenza. Kwa hiyo tunazungumzia kile ambacho maambukizi makali ya njia ya hewa huufanyia mwili, na influenza ndiyo iliyo mstari wa mbele.

## Kinachotokea ndani ya mshipa

Watu wengi waliofika umri wa makamo wana mafuta yaliyojikusanya ndani ya kuta za mishipa ya moyo. Mara nyingi hawajui. Uvimbe huo wa mafuta unaweza kukaa miaka bila kuziba njia ya damu, umefunikwa na utando mwembamba, kama jipu ambalo ngozi yake bado haijapasuka.

Kinga ya mwili inapopambana na kirusi, haipigani mapafuni tu. Kemikali zinazotolewa na kinga huzunguka mwili mzima na kuwaamsha askari waliokuwa wamelala ndani ya ule uvimbe wa mafuta. Utando unadhoofika. Wakati huohuo chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata, huwa nyepesi kushikana. Utando ukipasuka sasa, donge la damu hutengenezwa haraka kuliko siku za kawaida, na mshipa unaziba.

Hilo ndilo lililonijibu swali la kwa nini baada ya homa. Joto hushuka, lakini damu haijarudi katika utulivu wake. Kipimajoto kinaonyesha nafuu ambayo mishipa bado haijaipata.

Kuna njia ya pili, nayo haihitaji donge lolote. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hupandisha mapigo ya moyo kwa takriban 10 kwa dakika. Mtu ambaye moyo wake hupiga mara 75 akitulia, akifika nyuzi 39.5 anakaribia mapigo 100 akiwa amelala tu. Ongeza mapafu yanayoingiza oksijeni pungufu, na maji mwilini yaliyopungua kwa sababu hali wala hanywi. Moyo unadai zaidi huku ukipewa kidogo. Kama mishipa yake imeshakuwa myembamba, misuli huanza kuumia. Wa namna hii huumia homa ikiwa juu, wala si baada yake.

Na wapo ambao moyo haushambuliwi bali unachoka kusukuma. Marekani walipochunguza watu wazima zaidi ya 80,000 waliolazwa kwa influenza kati ya 2010 na 2018, karibu 12 katika kila 100 walipata tatizo la ghafla la moyo, na moyo kushindwa kusukuma damu ulikuwa mbele kidogo ya moyo kukosa damu ghafla, shambulio la moyo likiwemo.

## Asiyejijua

Nilitegemea jibu la "nani awe macho zaidi" liwe rahisi: wenye ugonjwa wa moyo. Utafiti wa Marekani uliwataja hao, pamoja na wazee, wavutaji sigara, wenye kisukari na wenye ugonjwa wa figo. Sikushangaa.

Waholanzi walinishangaza.

Walipowagawa wagonjwa wao makundi mawili, wale waliowahi kulazwa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo hatari yao katika wiki ya mafua ilipanda kidogo tu, mara 1.4. Wale ambao hawajawahi kulazwa kwa moyo, hatari yao ilipanda mara 16.6.

Nililazimika kuisoma upya. Ilionekana kama kichwa kimegeuzwa miguu.

Ukitulia, inaeleweka, ingawa mashambulio yaliyohesabiwa ni machache na sitaki kuegemea sana namba yenyewe. Aliyewahi kulazwa kwa moyo huanza kutoka juu: hatari yake ya kila wiki, mafua au bila mafua, tayari ni kubwa, kwa hiyo hata ongezeko dogo kwake ni zito. Mtu asimdanganye kwamba yuko salama. Lakini pia huenda analindwa na vidonge vyake. Anameza aspirini inayozuia chembe sahani kushikana, anameza statini inayotuliza uvimbe ndani ya mishipa. Maelezo hayo ni dhana ya watafiti wenyewe, na kwangu inaingia akilini.

Yule mwingine hana kinga hiyo. Hana kadi ya kliniki, hana dawa, hana hata sababu ya kujihofia. Mafuta yako mishipani mwake, na mafua ndiyo yanayokuja kuyatangaza.

Ndiyo maana sasa nikiulizwa nani awe macho, simtaji mgonjwa wa moyo peke yake. Namtaja pia mwanamume aliyepita miaka 50 au mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye presha yake hajaipima miaka mingi, aliyevuta sigara kwa muda mrefu hata kama ameacha, au ambaye mzazi wake aliondoka ghafla akiwa bado na nguvu. Majibu ya "hajui" na "hajapima" kwenye fomu yangu nilikuwa nayasoma kama "hapana". Si "hapana".

## Maumivu ya mafua na maumivu ya moyo

Ugumu ni kwamba mafua yenyewe huumiza mwili mzima, kifua kikiwemo. Nani atajua tofauti saa nane usiku?

Maumivu yanayoletwa na kukohoa huwa makali na yana mahali pake. Ukivuta pumzi ndani yanachoma, ukibonyeza mbavu yanaongezeka, ukikaa kimya yanapoa. Ya moyo hubana, yanalemea, yako katikati ya kifua, na hayajali kama umekohoa au umenyamaza. Yanaweza kupanda shingoni na kwenye taya au kushuka mkononi. Jasho la baridi, wakati joto la mwili halipo, ni dalili ninayoiheshimu sana.

Lakini wazee, wenye kisukari na wanawake wengi hawapati picha hiyo kamili. Wanapata kuishiwa pumzi, kichefuchefu, kiungulia kisicho na sababu, au uchovu mzito wa ghafla. Kwao mimi huangalia mwendo wa ugonjwa kuliko maumivu. Mafua ya kawaida hushuka: leo afadhali kuliko jana. Aliyekuwa ameanza kula na kutembea, kisha akarudi kitandani akihema, ana jambo jipya. Linaweza kuwa moyo, linaweza kuwa nimonia iliyofuata nyuma ya mafua. Vyote viwili havisubiri asubuhi. Asiyeweza kulala chali kwa sababu pumzi inakata, au aliyevimba miguu, moyo wake huenda umeanza kushindwa.

Yule baba alingoja kwa muda wa saa tisa. Alidhani ni kifua kilichochoka kwa kukohoa, akapewa diklofenaki, maumivu yakalegea kidogo, wakalala. Ukifika hospitali, sema kwa kinywa chako: "Nilikuwa na homa ya mafua wiki iliyopita." Kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache. Kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha misuli ya moyo imeumia, pengine kirudiwe baada ya saa kadhaa, kwa sababu cha kwanza kinaweza kuwa bado hakijapanda.

## Vidonge vilivyomo kwenye mfuko

Ule mfuko wa mama sikuusahau pia.

Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake hupunguza maumivu vizuri, lakini hupandisha presha, hushikilia maji mwilini na huongeza hatari ya donge la damu. Taiwan, mwaka 2017, walichunguza karibu watu 9,800 waliopata shambulio la moyo. Siku za maambukizi ya njia ya hewa bila dawa hizo, hatari ilikuwa mara 2.7. Vilipokutana, maambukizi na dawa, ikawa mara 3.4, na kwa waliodungwa dawa hizo kwa sindano ikafika karibu mara 7. Ni kweli kwamba anayeumwa zaidi ndiye anayedungwa, kwa hiyo si haki kuitupia sindano lawama yote. Hata hivyo, kwa mtu wa umri huo, parasetamoli katika kipimo chake inatosha kushusha homa, na sioni sababu ya kuongeza hatari ambayo haihitajiki. Vivyo hivyo dawa za kuzibua pua zenye pseudoefedrini: hubana mishipa, na mwenye presha aziache.

Kosa la upande wa pili ni kuacha dawa. Mtu akitapika au kukosa hamu ya kula, huanza kuruka vidonge vya presha, aspirini, statini, "mpaka nipone kwanza". Ni wiki mbaya kuliko zote ya kuviruka. Kama maji yamekupungukia sana au presha imeshuka, daktari ndiye aseme kipi kisimame na kwa siku ngapi.

Kuna pia dawa ya kirusi chenyewe, oseltamiviri. Inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili kuanza, na walio katika hatari ndio wanaopaswa kuiulizia mapema badala ya kungoja waone itakavyokuwa.

## Chanjo, na shaka yangu ya mwisho

Kulinganisha mtu na nafsi yake ni njia nzuri, lakini mimi nilitaka ushahidi wa kutenda: ukizuia mafua, je, moyo unapona?

Jibu lilitoka 2021, katika jaribio lililoongozwa na Ole Fröbert wa Swideni katika nchi nane. Watu 2,571, wengi wao wakiwa ndio kwanza wamepata shambulio la moyo, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakachomwa chanjo ya mafua, wengine maji ya chumvi. Mwaka mmoja baadaye, waliokufa, kupata shambulio jingine au kuziba tena kwa mshipa uliozibuliwa walikuwa kama 72 katika kila 1,000 upande wa maji, na 53 upande wa chanjo.

Na chanjo yenyewe haileti hatari ile ya wiki ya kwanza? Liam Smeeth na wenzake Uingereza walikwishaliangalia hilo 2004. Baada ya maambukizi ya njia ya hewa, hatari ilipanda. Baada ya chanjo ya mafua, haikupanda.

Inachukua kama wiki mbili kujenga kinga, na hurudiwa kila msimu kwa sababu kirusi hubadilika. Haizuii kila maambukizi. Aliyechanjwa na bado akaugua azichukulie dalili zilezile kwa uzito uleule.

## Kiharusi kina kalenda yake

Nimeuzungumzia moyo sana kwa sababu ndiyo wodi yangu. Lakini ubongo nao hulishwa na mishipa ya aina hiyohiyo, na kwake dirisha ni refu zaidi. Utafiti wa Uskoti wa 2018 ulionyesha hatari ya kiharusi iko juu kabisa siku tatu za kwanza, kisha inashuka polepole, na bado ilikuwa imepanda hadi siku ya 28.

Mwezi mzima, basi. Muda ambao hakuna tena anayekumbuka kwamba babu aliumwa.

Kwake yeye, mwambie atabasamu, uone kama upande mmoja wa uso umeshuka. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, uone kama mmoja unaanguka. Mwambie arudie sentensi fupi. Kimoja tu kikikosea, hata kama kitarekebika baada ya dakika kumi, ni hospitali. Usimpe aspirini njiani, kwa sababu huwezi kujua kwa macho kama ubongo umezibwa mshipa au unavuja damu.

Na kabla hamjatoka nyumbani, kubalianeni ni saa ngapi alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Siyo saa mliyomkuta, bali saa ya mwisho akiwa mzima. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu kuanzia hapo, na hilo ndilo swali la kwanza tutakalowauliza mlangoni.